UZI: Sauti ya ramani ikisema "toka njia ya tatu" kwenye raundabauti, unashika leni gani?

#1 MtuWaKiembesamaki
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nyumbani kuna ndugu zangu wawili, wote madereva, wamebishana mpaka chakula kimepoa. Simu inasema: "Kwenye mzunguko, toka njia ya tatu." Mmoja anashikilia kwamba ukisikia "ya tatu" lazima uingie kwa leni ya kulia, ile inayokaribiana na bustani ya katikati. Mwengine anasema kushoto ndiko salama siku zote, maana huko huzuiliki kutoka. Raundabauti yenyewe ni ya Michenzani, wakitokea upande wa Mkunazini kwenda kulia. Nataka kujua ile namba inamwambia dereva kitu gani hasa. Na kwa nini pahala pengine hesabu ya sauti na hesabu ya macho hazikutani?

#2 Mzee_wa_Gia
Wepesi kabisa huo. Ya kwanza na ya pili kushoto, ya tatu na ya nne kulia. Mimi naendesha hivyo miaka na miaka, sijagongana na mtu. Ndugu yako wa kwanza yuko sawa.

#3 BintiFuoni
Waalaykum salaam. Kwa Michenzani sawa, lakini leni ya kushoto tatizo lake ni daladala. Gari inasimama hapo hapo mdomoni inapakia, wewe uliyekuja kushoto ukisubiri kutoka unakwama, nyuma wanakupigia honi, vespa zinakupita pande zote. Ndiyo maana wengi tunakimbilia kulia hata kama hatuendi kulia.

#4 Mchoraramani
Mzee wa Gia, kwa heshima yako, kanuni hiyo inafanya kazi Michenzani kwa sababu pale pana njia nne zilizokaa msalaba. Ukihamia raundabauti yenye njia tatu au tano itakuangusha.

Namba inahesabu milango ya kutokea, haipimi unapinda kiasi gani. Hesabu inaanza ukishaingia, na njia uliyoingilia ndiyo ya mwisho. Sasa chukua raundabauti ya njia tatu: uliyotoka nayo, moja iliyo mbele na moja iliyo kulia. Upande wa kushoto hakuna kitu. Kwenda mbele ni "toka njia ya kwanza", kwenda kulia ni "toka njia ya pili". Kwa kanuni ya #2 utaingia kushoto na huku unataka kwenda kulia. Ya njia tano inaweza kuwa kinyume chake: mbili ziko kushoto kwako, kwa hivyo "ya tatu" ndiyo ya moja kwa moja, na hapo leni ya kushoto inakutosha.

Leni tazameni kwa mchoro, msiitafute kwenye namba. Fanya raundabauti ni uso wa saa na wewe unaingilia kwenye 6. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hivyo unazunguka kama mshale wa saa: unapita 9, unapita 12, unafika 3. Unatokea kabla ya 12 au kwenye 12 yenyewe, ingia kwa kushoto. Unatokea baada ya 12, ingia kwa kulia. Kwenye kioo cha simu kuna kimshale kilichopinda kinachoonyesha pembe hiyo hiyo. Sauti inakupa namba, kimshale kinakupa upande. Vyote viwili vinahitajika, na kimshale utazame kabla hujafika, si ukiwa ndani. Pakiwa na mishale iliyopakwa rangi chini ya barabara, hiyo inashinda simu na inashinda saa yangu.

#5 Mzee_wa_Gia
Nimekufahamu mwanangu. Lakini ukishaingia kulia, unatokaje? Vijana wengi wanakwama katikati wanazunguka kama wanatufu.

#6 Mchoraramani
Unaingia na indiketa ya kulia. Ukiupita mlango ulio kabla ya wako, unabadilisha indiketa kushoto, unatazama kioo cha pembeni, unageuza shingo kwa ajili ya vespa na boda, halafu unasogea. Kwa "ya tatu" maana yake unapopita mdomo wa pili ndipo unapiga indiketa ya kushoto. Kuna mtu ubavuni anakuzuia? Usimkate. Zunguka tena. Simu itanyamaza kidogo, itakokotoa upya, na itakupa namba nyengine iliyoanza kuhesabiwa kutoka pale ulipo. Huko kuzunguka mara ya pili si kosa.

#7 Kasuku_wa_Paje
Hapo kwenye "namba nyengine" nataka niongeze, maana mimi nakodisha gari kwa wageni. Mgeni aliyezoea kuendesha kulia kwao anakuja na tabia ya kuhesabu kwa upande wa pili. Kwao raundabauti inazungushwa kinyume na mshale wa saa, kwa hivyo "ya kwanza" kichwani mwake iko kulia. Akisikia "toka njia ya kwanza" jicho linakwenda kulia kwanza, mkono unafuata. Mmoja aliniingilia raundabauti kwa upande wa kulia mimi nimekaa pembeni yake namkabidhi gari. Tangu hapo siwapi funguo mpaka tuzunguke pamoja, na namwambia aseme kwa mdomo: gari za ndani zinatoka kulia kwangu, nazisubiri, halafu naanza kuhesabu kutoka kushoto.

#8 Abuu_IST
Samahani wakubwa, na mimi gari yangu inazungumza. Kila nikiwasha inasema maneno ya Kijapani, sauti ya mwanamke. Fundi mmoja kaniambia ni ramani inanielekeza. Naweza kuibadilisha iseme Kiswahili inipe hizo leni?

#9 BintiFuoni
Abuu, hilo ni swali jengine kabisa hahaha. Gari yako inakusalimia.

#10 Fundi_Mombasa_kwa_Mchina
Abuu, hiyo si ramani. Ukiwasha tu na ikasema sentensi moja ikanyamaza, mara nyingi ni kile kisanduku cha kulipia barabara za Japani, ETC. Kinakwambia kadi haijaingizwa. Kinakaa chini ya dashibodi au kwenye kisanduku cha mbele cha abiria. Unachomoa waya wake, kinanyamaza, gari haidhuriki. Ramani yenyewe kama ipo kwenye redio ni ya Japani tupu, haina Unguja ndani yake, na huwezi kuifundisha Kiswahili. Tumia simu.

#11 Abuu_IST
Ahsante fundi. Kumbe nilikuwa nakaribia kumlipa yule.

#12 Shamte_wa_Welezo
Turudi kwenye swali la mwisho la #1, kwamba hesabu hazikutani. Kuna raundabauti moja napita kila siku. Sauti inasema "toka njia ya tatu" na mimi naona wazi njia yangu ni ya pili. Mgeni wa njia akiitii anapelekwa pahala sipo. Ni ramani mbovu au satelaiti?

#13 Mzee_wa_Gia
Satelaiti hiyo. Mawingu yakikaza inachanganyikiwa.

#14 Mchoraramani
Mzee, mawingu na mvua haviathiri sana mawimbi ya satelaiti. Kinachosumbua ni kuta ndefu, kama mule Mji Mkongwe, mawimbi yanagonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu na kitone kinaruka kichochoro cha pili. Na satelaiti hazihesabu milango hata kidogo, zinasema uko wapi tu. Hesabu inatoka kwenye mchoro wa ramani.

Shamte, je hapo karibu na mzunguko pana njia ya kuingilia kituo cha mafuta, au maegesho, au uwanja wa skuli? Kama mchoraji kaiunganisha na mzunguko wenyewe, programu inaweza kuihesabu kuwa mlango. Wewe jicho lako halioni kuwa hiyo ni barabara, ila mashine inaona mstari umeungana na duara.

#15 Shamte_wa_Welezo
Kituo cha mafuta kipo, lakini mlango wake uko mbele kidogo, baada ya kutoka kwenye mzunguko. Si kwenye duara.

#16 Hamadi_Chake
Mimi nadhani ni jengine. Pengine hiyo barabara ina ukuta katikati, wanaokuja upande wao na wanaokwenda upande wao. Jicho linaona midomo miwili. Labda programu inahesabu yote miwili.

#17 Mchoraramani
Karibu ufike, Hamadi, lakini iko kinyume. Mdomo ambao magari yanaingilia tu haupaswi kuhesabika, kwa sababu huruhusiwi kutokea hapo. Hapo kwa kawaida ni binadamu anayehesabu zaidi na simu inayohesabu pungufu. Shamte yeye simu inazidisha. Ila nakubali, kama mchoraji amesahau kuandika kwamba mdomo ule ni wa kuelekea upande mmoja, programu itaona ni njia ya kutokea na itauhesabu. Hapo maelezo yako yanasimama.

#18 Kasuku_wa_Paje
Au simu ya Shamte inatumia ramani ya zamani iliyopakuliwa, na barabara iliyokuwapo imefungwa wakati wa ujenzi. Wageni wangu wengi wanapakua ramani kwao kabla ya safari, hawasasishi tena. Huku barabara zinabadilika kila msimu.

#19 Shamte_wa_Welezo
Hilo nalo linawezekana, zamani palikuwa na njia ya vumbi inaingia pale. Sasa pamejengwa ukingo. Nitatazama.

#20 Bodaboda_Jang'ombe
Mimi nina abiria nyuma na simu iko mfukoni, sikioni kitu kimoja tu. Kwangu sauti ndiyo kila kitu, kioo sikitazami. Tatizo langu inachelewa. "Geuka kushoto" inafika nimeshapita.

#21 Mchoraramani
Piga hesabu. Kwa spidi 30 unakwenda mita 8 na kitu kila sekunde. Sentensi ya sekunde 4 imekula zaidi ya mita 30 kabla haijaisha, na spika ya bluutuuthi inaongeza kuchelewa kwake, mara nyengine inameza neno la kwanza kabisa kwa sababu ilikuwa imelala. Ndiyo maana programu inasema mara mbili: ya mbali ikutayarishe, ya karibu ikukumbushe. Leni chagua kwenye ile ya mbali. Ile ya karibu ni ya kugeuza mkono tu. Ukisubiri ya pili ndipo utafute leni, umeshachelewa, na hapo ndipo watu wanapokatana. Wewe wa boda tumia kipokezi cha waya sikio moja, na kabla hujaondoka pitisha kidole kwenye orodha ya mageuzi yote, ujue yako mangapi.

#22 Bodaboda_Jang'ombe
Orodha hiyo sikuwahi kuifungua. Shukran.

#23 Hamadi_Chake
Huku Pemba sauti yenu ingekufa njaa. Chake mpaka Mkoani ikisema "endelea moja kwa moja" unaweza kulala, kuamka na kula embe.

#24 BintiFuoni
Hamadi shuka Unguja siku moja saa ya kutoka skuli, uje Kwerekwe, utaikumbuka embe yako.

#25 Mfanyabiashara_Malindi
Mmetaja Kwerekwe, na tangu pawe na barabara ya juu swali la leni limekuwa jengine. Mimi nilianza kulifahamu Dar, naenda kufuata mzigo. Kisa chenyewe ni Tazara, lile daraja la Mfugale lililofunguliwa 2018. Unatoka uwanja wa ndege kuelekea mjini kwa barabara ya Nyerere, na unataka kukata kulia barabara ya Mandela kwenda upande wa bandarini. Sauti inasema: "Baki kushoto." Dereva aliyekuwa na mimi akagoma. Tunakwenda kulia, kwa nini ibaki kushoto? Akashika kulia, tukapanda juu, Mandela ikapita chini yetu tunaiona hivi hivi.

#26 Mzee_wa_Gia
Hata mimi ningeshika kulia. Mtu anakwenda kulia anaambiwa kushoto, akili inakataa.

#27 Mchoraramani
Kisa hichi ndicho cha kujifunzia, nikivunje vipande. Daraja limekaa katikati ya barabara na linabeba wanaokwenda moja kwa moja. Wanaotaka kukata, iwe kushoto au kulia, wote wanabaki chini, na njia za chini ziko pembeni ya daraja. Kwa hivyo kwa anayekwenda kulia amri ni mbili na zinafuatana. Ya kwanza ni kuachana na daraja: "baki kushoto". Ya pili ni kukata kwenyewe: unafika kwenye makutano ya chini, unasogea leni ya kulia ya hiyo njia ya chini, unasubiri taa, unapita chini ya daraja. Sauti haikukosea. Ilikuwa inazungumzia panda na dereva anasikiliza safari.

Ukisikia "baki" badala ya "geuka", fahamu mbele barabara inagawanyika vipande viwili na unaulizwa uingie kipi. Hakuna usukani wa kupinda hapo. Programu inayoonyesha leni itachora mishale midogo juu ya kioo, ile iliyong'aa ndiyo yako. Iking'aa miwili, chagua ile inayokusogeza kwenye amri inayofuata.

#28 Mfanyabiashara_Malindi
Ahsante, laiti yule dereva angekusoma. Sasa swali: tulipokuwa juu, simu ikasema "geuka kulia" na kulia kuna ukingo wa zege tupu. Ilikuwa inadhani tuko chini?

#29 Mchoraramani
Ndiyo. Simu pakiwa wazi inakosea mita 5 hivi kwa upande, na kwa urefu wa juu na chini inakosea zaidi. Njia ya juu na ya chini ziko mita chache tu ubavuni mwa mwenzake, zinaelekea upande mmoja. Simu haiwezi kuona umepanda. Inakisia kwamba umeitii, inakuweka kwenye njia iliyokupangia. Itagundua mtakapoachana, kwa mfano ukivuka makutano bila kukata. Dalili ni hiyo hiyo uliyoiona: kitone kinakwenda vizuri, lakini maneno hayalingani na kilicho mbele ya macho. Usifunge breki juu ya daraja. Endelea mpaka ushuke, itakokotoa upya.

#30 Abuu_IST
Mbona yangu haionyeshi mishale ya leni hata siku moja? Michenzani, Amani, kote hakuna.

#31 Mchoraramani
Kwa sababu mishale hiyo haitokani na picha ya satelaiti, lazima mtu aiandike barabara kwa barabara. Kwenye OpenStreetMap, ambayo programu kama OsmAnd na Organic Maps zinaitumia, inaandikwa hivi:

```
junction=roundabout
lanes=2
turn:lanes=left;through|through;right
```

Mstari wa kwanza ndio unaoifanya programu iseme "toka njia ya tatu". Bila huo inaona ni barabara zilizopinda tu na itasema "geuka kushoto, geuka kushoto". Huo ni wa duara lenyewe. Ile miwili ya chini inaandikwa kwenye barabara inayokaribia, na leni zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto inaruhusu kushoto na mbele, kulia inaruhusu mbele na kulia. Ramani za kampuni zina utaratibu wao, huko unatuma ripoti ya kosa na kusubiri.

#32 Kasuku_wa_Paje
Lakini si tulirukiwa na zile ndege ndogo zisizo na rubani, kisiwa kizima? Mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, vijana wa SUZA walishiriki. Nilidhani kila kitu kimo.

#33 Mchoraramani
Ulianza 2016, na picha zake zilisaidia sana kuchora nyumba na barabara. Lakini picha ya kutoka juu inakuonyesha lami ilipo. Kanuni ya leni, nani aruhusiwe kukata wapi, inataka mtu asimame pale atazame.

#34 BintiFuoni
Na pale ambapo hakuna mistari ya rangi kabisa? Barabara pana, gari tatu zinakaa sambamba, kisheria leni ngapi?

#35 Mchoraramani
Hapo mimi siandiki `turn:lanes`. Nikiandika, simu itamwahidi mtu leni ambayo barabarani haipo.

#36 Mzee_wa_Gia
Sikubaliani. Andika ile inayotumika. Watu wa pale wanajua leni ziko ngapi hata bila rangi, mgeni ndiye hajui, na ramani ni ya mgeni.

#37 Kasuku_wa_Paje
Namuunga mkono mzee. Mgeni wangu akiona mishale miwili angalau hatasimama katikati.

#38 Mchoraramani
Na siku gari tatu zikikaa sambamba, aliyeahidiwa leni mbili atamlaumu nani? Tutabishana sana hapa.

#39 Shamte_wa_Welezo
Nimerudi. Nimepita leo na nimetazama mchoro kwa karibu. Ile njia ya vumbi niliyosema imeungwa kwenye duara, na mlango wa kituo cha mafuta nao wameuchora umegusa duara, ingawa kwa macho uko mbele. Viwili vyote vipo. Kama vyote vingehesabiwa njia yangu ingekuwa ya nne, na sauti inasema ya tatu. Kipi kinahesabiwa na kipi hakihesabiwi?

#40 Hamadi_Chake
Ya vumbi. Kituo cha mafuta ni mali ya mtu.

#41 Mchoraramani
Programu hazikubaliani hapo. Nyengine zinaziruka njia za kuingilia maduka na vituo, nyengine zinahesabu chochote ambacho gari inaweza kupita. Jaribu hivi: weka safari ile ile kwenye programu mbili zinazotumia ramani moja, usiendeshe, soma orodha ya mageuzi tu. Zikitoa namba tofauti, kituo ndicho kinachobishaniwa. Zote mbili zikisema "ya tatu", nitumie kiungo cha mahali penyewe nitazame ile ya vumbi kaiandikaje.

#42 Shamte_wa_Welezo
Moja imesema tatu. Ya pili inapakua ramani, mtandao leo mzito. Nitaandika hapa ikimaliza.

#43 MtuWaKiembesamaki
Nimewasomea ndugu zangu #4 na #6. Yule wa kushoto anauliza: kama kuna daladala imesimama mdomo wa tatu, aliyeko kulia anatokea wapi?

#44 BintiFuoni
Hatokei. Anazunguka tena, kama alivyosema #6, na konda anamwangalia tu.